Mbwa Aliyemeza Soksi: Matapishi Yalivyoonyesha Ilipokwama

Wengi wanaoleta mbwa anayetapika hufika na hoja moja mkononi: mbwa amekunya, kwa hiyo hajaziba. Hoja hiyo imechelewesha mbwa wengi. Utumbo mwembamba wa mbwa wa ukubwa wa kati una urefu wa mita tatu hivi, na baada yake upo utumbo mpana. Kitu kikikwama karibu na mwanzo wa safari hiyo, choo kilichokwisha kupita hapo kitaendelea kutoka siku ya kwanza, hata ya pili. Wakati mwingine kinatoka laini au cha majimaji, mwenye mbwa akadhani ni tumbo la kuharisha tu. Choo kinaeleza yaliyopita. Habari ya leo inatolewa na matapishi, ufizi na maji ya kunywa.

Nitaeleza kesi moja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake karibu kila dalili ilijitokeza kwa wakati wake, na karibu kila dalili ilipewa jina jingine kabla ya mbwa kufikishwa mezani.

Alikuwa mbwa dume, chotara, miaka miwili, kilo 22, analishwa ugali wa dona na dagaa katika nyumba moja ya Dar es Salaam. Jumamosi jioni soksi za shule za mtoto zilikuwa kwenye beseni uani zikisubiri kufuliwa. Zilikuwa nyeupe, ndefu, zenye mpira juu. Usiku ilionekana moja tu. Mtoto alisema mbwa ndiye aliyekuwa nayo mdomoni, lakini hakuna aliyeona akimeza, na Jumapili mbwa alikula na kucheza kama kawaida. Jumatatu asubuhi alitapika mara moja ugali wa jana yake, akala majani, jioni akala tena. Jumanne alitapika mara mbili, akapewa dawa ya minyoo. Jumatano alitapika mara tano kabla ya saa sita mchana, majimaji ya manjano yenye ukijani, na alipokunywa maji aliyarudisha baada ya dakika chache. Ndipo wakamleta.

"Mama, mara ya mwisho kukunya ni lini?"

"Leo asubuhi daktari, kidogo tu, laini. Ndiyo maana sikufikiria soksi."

Tuanze na Jumapili ile ya utulivu. Soksi ikiwa bado ndani ya tumbo lenyewe, yaani kwenye mfuko wa chakula, haizibi kitu mpaka ielee na kukaa kwenye mlango wa kutokea. Mlango huo ni mwembamba na una msuli wa kuubana. Soksi ikiugusa, mbwa hutapika. Ikirudi nyuma, mbwa hupata nafuu na kula. Ndiyo maana kitu kilichoko tumboni hutoa kutapika kwa vipindi, na kinaweza kukaa humo siku nyingi, hata wiki. Nafuu ya Jumatatu jioni haikuwa kupona. Chakula alichorudisha siku hiyo kilikuwa ugali usiosagika, bila nyongo, na hiyo ni alama ya kwamba tatizo lilikuwa bado juu.

Kati ya Jumanne na Jumatano mambo yalibadilika. Nyongo humwagwa kwenye utumbo mwembamba, kipande kifupi tu baada ya mlango wa tumbo. Nyongo peke yake haithibitishi chochote, kwa kuwa mbwa mwenye njaa asubuhi naye anaweza kutapika povu la manjano. Lakini kwa mbwa huyu ilikuja pamoja na wingi wa majimaji, kutapika kunakoongezeka na maji yasiyokaa. Picha yake ilikuwa hii: soksi imeshapita mlango, imeingia kwenye utumbo, na sasa kila kinachoshuka kutoka juu kinagonga ukuta na kurudi.

Na kinachoshuka si chakula tu. Mate, maji ya tumbo, nyongo na maji ya kongosho humiminika kwenye njia hiyo mchana na usiku, mbwa ale asile. Katika hali ya kawaida sehemu kubwa hunyonywa tena mbele ya safari. Utumbo ukiziba, maji hayo hujikusanya juu ya kizuizi, utumbo unavimba, na ukuta wake uliotanuka huanza kutoa maji badala ya kuyanyonya. Kwa hiyo mbwa anakaukiwa huku tumbo likiwa limejaa maji. Kadiri kitu kilivyokwama karibu na mwanzo wa utumbo, ndivyo kutapika kunavyokuja mapema na kwa nguvu. Kikikwama chini, karibu na utumbo mpana, mbwa anaweza kukaa siku kadhaa akiwa amenyong'onyea tu, anakataa chakula, anatapika mara chache, na matapishi yake yakaanza kunuka kama kinyesi. Huyu wa chini ndiye anayenitisha zaidi, maana nyumbani haonekani kuwa na dharura.

Mezani nilianza na ufizi. Ufizi wa mbwa mzima ni wa waridi, una unyevu, na ukiubonyeza kwa kidole hadi uwe mweupe, rangi hurudi ndani ya sekunde 2. Wa huyu ulinata kidole, na rangi ilirudi kwa sekunde 3. Ngozi ya shingoni niliyoivuta juu ilishuka polepole. Moyo ulipiga mara 148 kwa dakika akiwa amelala kimya, nazo ni nyingi kwa mbwa wa uzito huo. Joto lilikuwa 39.1, ndani ya kiwango cha kawaida. Hilo lisimfariji mtu: homa huja baadaye, utumbo ukitoboka, na mbwa aliyezidiwa kabisa joto lake hushuka chini ya kawaida.

Nilipomshika tumbo alikaza misuli, akageuza kichwa kuutazama mkono wangu. Mwenye mbwa akaniambia kwamba tangu asubuhi alikuwa akiinamisha kifua chini huku amenyanyua makalio, anakaa hivyo kwa muda, kisha anahama mahali na kurudia. Mkao huo ni wa mbwa anayetafuta namna ya kupunguza maumivu ya tumbo. Hausemi ugonjwa ni upi, kwa sababu hata mwenye uvimbe wa kongosho hufanya hivyo, lakini ukiunganishwa na soksi iliyopotea na maji yanayorudi, uzito wake ni mkubwa.

Hapa ndipo magonjwa mengine yanapojificha nyuma ya dalili hizo hizo. Katika mazingira yetu mbwa anayetapika na kunyong'onyea huhesabiwa haraka kuwa ana minyoo, homa ya kupe au parvo. Mbwa mdogo ambaye hajachanjwa, anayeharisha damu yenye harufu kali, lazima apimwe parvo kwanza. Kipimo cha kinyesi huchukua dakika chache. Lakini huyu alikuwa na miaka miwili na amechanjwa. Mwenye minyoo wengi kwa kawaida hatapiki maji aliyokunywa dakika tano zilizopita.

Kosa ambalo linaweza kugharimu uhai ni lile la dawa za kuzuia kutapika. Metoklopramidi, ambayo inapatikana kwa urahisi kwenye maduka ya dawa za binadamu, haitulizi kichefuchefu tu. Inaongeza mikazo ya tumbo na ya mwanzo wa utumbo. Kwa mbwa aliyeziba ni kusukuma kwa nguvu dhidi ya kitu kisichosogea. Zipo dawa nyingine zisizosukuma, lakini nazo zinaweza kukata matapishi huku kizuizi kikiendelea kuua ukuta wa utumbo, na dalili iliyotakiwa kutuongoza ikawa imezimwa. Mbwa mwenye shaka ya kuziba apigwe picha kabla ya kunyamazishwa.

Tulimpiga eksirei akiwa amelala ubavu, pande zote mbili, maana hewa huhama mbwa anapogeuzwa na hewa hiyo ndiyo inayochora umbo la kitu ambacho picha haikioni. Mfupa unaonekana, chuma kinaonekana, jiwe linaonekana. Soksi haionekani. Gunzi la mahindi na kokwa la embe, ambavyo kwetu huziba mbwa vilevile, navyo mara nyingi havijitokezi waziwazi. Kwa hiyo msomaji wa picha hatafuti soksi. Anatafuta ilichokifanya soksi kwenye utumbo.

Kipimo chake ni rahisi, na napenda kila mwenye mbwa anayeonyeshwa picha akielewe. Unachukua mviringo wa utumbo mwembamba uliotanuka kuliko yote, unapima upana wake, kisha unaugawa kwa kimo cha pingili ya tano ya kiuno, pale katikati ambapo ni nyembamba. Kwa njia hiyo mbwa mkubwa na mdogo wanapimwa kwa rula ya miili yao wenyewe. Uwiano ukiwa chini ya 1.6, kuziba hakuelekei kuwapo. Ukipita 2, shaka inakuwa kubwa. Utumbo wa mbwa huyu ulikuwa na milimita 31, pingili yake milimita 14, na 31 kugawa kwa 14 ni 2.2. Zaidi ya hapo, mizunguko haikulingana: mingine ilikuwa imevimba kwa hewa na maji, mingine ilikuwa myembamba kama kawaida. Utumbo uliovimba wote sawasawa unaweza kuwa wa mbwa anayeharisha. Utumbo wenye aina mbili, mnene na mwembamba ndani ya tumbo moja, una mpaka mahali fulani, na kwenye mpaka huo kuna kitu.

Ultrasaundi ilimaliza ubishi. Kilionekana kitu chenye uso mng'avu na kivuli cheusi kikali nyuma yake, juu yake utumbo umejaa maji yanayoyumba mbele na nyuma bila kwenda popote.

Hatukumkimbiza kwenye kisu saa ile ile. Mbwa aliyekauka akipewa dawa ya usingizi, presha ya damu yake inaweza kuporomoka mezani. Nilikadiria kwamba amepoteza maji kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake: kilo 22 mara 0.08 ni lita 1.76, mbali na mahitaji ya kawaida ya siku, ambayo kwa mbwa wa uzito huo ni zaidi ya lita moja. Mbwa anayetapika kutoka tumboni na mwanzo wa utumbo hupoteza pia asidi, kloridi na potasiamu, kwa hiyo dripu ilikuwa ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yaliyoongezwa potasiamu kwa kipimo, polepole, kwa kuwa potasiamu ikiingia kwa kasi inasimamisha moyo. Baada ya saa nne moyo ulikuwa umeshuka hadi 110 na ufizi umepata unyevu. Hapo alikuwa tayari.

Tumbo lilifunguliwa katikati, na jambo la kwanza halikuwa kuifuata soksi. Utumbo wote ulipitishwa mikononi, kutoka tumboni hadi utumbo mpana, kwa sababu mbwa aliyemeza kitu kimoja anaweza kuwa amemeza na kingine, na daktari anayefunga baada ya kupata cha kwanza huenda akafungua tena siku ya tatu. Soksi ilikuwa kwenye theluthi ya kwanza ya utumbo mwembamba, imejikunja ngumu. Juu yake utumbo ulikuwa mwekundu wa kuiva, umetuna. Chini yake ulikuwa mwembamba na mweupe. Swali lilikuwa kama sehemu ile nyekundu iko hai. Unaangalia rangi kama inarudi baada ya presha kuondoka, kama mishipa midogo inapiga, na kama utumbo unajikaza ukiubana kidogo kwa vidole. Ulijikaza. Ungekuwa mweusi au kijivu, mwembamba kama karatasi na bila mapigo, tungekata kipande chote na kuunganisha ncha mbili, upasuaji mrefu na wenye hatari kubwa zaidi.

Mkato hauwekwi juu ya soksi yenyewe, mahali ambapo ukuta umebanwa na kuchoka. Unawekwa mbele kidogo, upande wa chini ambao bado ni mzima, kwenye mgongo wa utumbo ulio mbali na mishipa ya damu, halafu kitu kinasukumwa taratibu kwa vidole hadi kitoke kwenye tundu. Soksi ilitoka nzima, ya rangi ya kijani-kahawia, mpira wake bado unavutika.

Kule kutoka nzima kulikuwa bahati. Soksi iliyofumuka huacha nyuzi, na uzi ni hatari ya aina nyingine kabisa. Ncha moja hunasa kwenye mlango wa tumbo, nyingine inaburutwa na mikazo ya utumbo, na utumbo unajikusanya juu ya uzi kama kiuno cha suruali kinavyojikusanya kwenye kamba yake. Kila mkazo unaukaza uzi dhidi ya ukuta wa ndani, mpaka unakata matundu kadhaa kwa mfululizo, tena upande wa mishipa ambako ni vigumu kuyaona. Kwa sababu hiyo, ukiona uzi, kitambaa au utepe unaning'inia kwenye tundu la nyuma la mbwa wako, usiuvute. Kata ule ulio nje kama unamsumbua, kisha nenda kwa daktari.

Ushonaji wa utumbo unategemea tabaka moja tu kati ya tabaka zake nne, lile lililo chini ya utando laini wa ndani. Ndilo lenye nguvu ya kushika uzi. Mshono usiolishika utaachia hata ukionekana mzuri kwa nje. Baada ya kushona, sehemu ile ilibanwa pande zote mbili kwa vidole vya msaidizi, ikajazwa maji safi ya chumvi kwa sindano, tukatazama kama inavuja. Haikuvuja. Tuliifunika kwa utando wa mafuta ya tumbo, ambao huleta damu na kuziba nyufa ndogo, tukaosha tumbo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, tukabadilisha glavu na vyombo, ndipo tukafunga.

Alipewa chakula laini kidogo asubuhi iliyofuata. Zamani mbwa hawa waliachwa na njaa siku nyingi, lakini utumbo unaopata chakula mapema hupona vizuri zaidi. Siku za kuogopa ni ya 3 hadi ya 5 baada ya upasuaji. Wakati huo mwili unayeyusha nyama iliyojeruhiwa zaidi kuliko unavyojenga mpya, na mshono uko dhaifu kuliko siku aliyoshonwa. Mwenye mbwa aliambiwa mambo ya kutazama: akianza kukataa chakula alichokuwa akila, akitapika tena, tumbo likikaza au kujaa, akipata homa, arudishwe saa ile ile, hata kama kidonda cha nje ni kikavu. Kidonda cha nje hakijui kinachotokea ndani.

Sasa turudi Jumamosi, maana usiku ule ndipo kazi hii yote ingeweza kufanywa kwa sindano moja. Ndani ya saa mbili hivi baada ya kumeza, soksi huwa bado tumboni, na daktari anaweza kumtapisha mbwa kwa apomofini. Kitu laini kama soksi mara nyingi hutoka. Nyumbani jambo hili lisijaribiwe. Chumvi nyingi hupandisha sodiamu ya damu hadi kuleta degedege na kifo; haidrojeni peroksaidi huchubua tumbo na kulitia vidonda; mafuta ya kula yakimwagwa mdomoni kwa lazima yanaingia mapafuni. Na kitu chenye ncha, kama kipande cha mfupa, hakitapishwi hata kliniki, kwa kuwa kinaweza kuchana koo kikirudi.

Mfupa una tabia zake. Ukishafika tumboni, asidi huulainisha na mingi huyeyuka ndani ya siku chache. Hatari yake kubwa iko juu zaidi, kwenye umio, hasa vipande vya uti wa mgongo wa mbuzi na mifupa iliyopikwa ikapasuka kwa ncha. Dalili hapo si za tumbo: mate yanachuruzika, mbwa anamezameza bila kitu mdomoni, ananyoosha shingo, na chakula kinarudi mara tu baada ya kuliwa bila tumbo kujikaza. Ukuta wa umio huanza kuharibika ndani ya saa chache, kwa hiyo huyo hasubiri kesho. Mpira wa kuchezea nao ni kinyume cha mfupa: asidi haiufanyi kitu, na ukiwa laini na wa duara unaweza kuziba njia kabisa, mara moja, bila vipindi vya nafuu.

Mwenye mbwa aliuliza kama atarudia. Nilimjibu kwamba wengi hurudia, tena huyu ameshaonja soksi yenye jasho la mtoto. Beseni lilihamia ndani, kwenye chumba chenye mlango unaofungwa. Tulikubaliana pia kwamba soksi ikipotea tena, hata kama mbwa anacheza na kula, anipigie simu usiku uleule.